Siku kumi na nne za mzabuni aliyeshindwa

Tuseme kaunti moja ya Kenya imetangaza zabuni ya kujenga wodi ya wazazi. Mkandarasi mmoja, tumwite Mkandarasi wa Pili kwa kuwa bahasha yake ilifunguliwa ya pili, ameomba shilingi milioni 41.2. Wiki tano baadaye anapata barua: kazi imepewa mwingine kwa milioni 44.9, na yeye ameondolewa kwa sababu mbili. Ya kwanza, hakuonyesha kwamba amewahi kujenga hospitali. Ya pili, kurasa saba katika zabuni yake hazikuwa na nambari.

Jambo la kwanza litakalomjia kichwani ni ile tofauti ya milioni 3.7. Atawaambia marafiki kwamba yeye alikuwa wa bei nafuu na akanyimwa. Ni kweli, lakini hoja hiyo peke yake haitamfikisha popote. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 hulinganisha bei za wale tu waliovuka hatua za awali. Aliyeangukia mlangoni, bei yake haitazamwi. Kwa hiyo swali si nani alikuwa nafuu. Swali ni kama aliangushwa kwa kigezo kilichoandikwa katika hati ya zabuni, kama kilivyoandikwa, na kama wenzake walipimwa kwa kigezo hicho hicho.

Tuanze na sababu ya kwanza, kwa maana ndiyo yenye nguvu upande wake. Hati iliwataka wazabuni waonyeshe kazi tatu za ujenzi wa majengo, kila moja yenye thamani isiyopungua milioni 30, zilizokamilika ndani ya miaka mitano. Yeye alileta shule mbili na soko moja, zote zikiwa na vyeti vya kukamilika. Neno hospitali halikuwamo katika kigezo. Huenda wanakamati walipokaa mezani waliona, pengine kwa nia njema, kwamba wodi ya wazazi inahitaji mtu anayejua mabomba ya oksijeni na sakafu zinazooshwa kwa dawa. Ni wazo zuri lililochelewa. Kifungu cha 80 kinaiamuru kamati itathmini kwa taratibu na vigezo vilivyomo katika hati ya zabuni, basi. Wazo linalozaliwa baada ya bahasha kufunguliwa, hata liwe la busara namna gani, ni kigezo kipya, na kigezo kipya kinatosha kubatilisha uamuzi.

Naitetea kanuni hii bila kusita. Wapo maafisa wanaolalamika kwamba inawafunga mikono, kwamba inawalazimu kumpa kazi mtu wanayemtilia shaka. Lakini fikiria kinyume chake. Kamati ikiruhusiwa kuongeza kigezo baada ya kujua nani ameleta nini, basi kigezo kinaweza kushonwa kama suti, kwa kipimo cha mwili wa mtu mmoja. Anayetaka uzoefu wa hospitali aandike uzoefu wa hospitali siku ya kutangaza, wote wausome, na asiye nao abaki nyumbani na pesa zake za dhamana.

Sababu ya pili ndiyo inayouma. Sheria inataka tangazo la zabuni liwaambie wazabuni waweke nambari za mfululizo katika kila ukurasa, na kaunti yetu ya mfano imeliorodhesha sharti hilo miongoni mwa vigezo vya lazima. Nambari zina kazi yake: ukurasa ukichomolewa au ukichomekwa gizani, mfululizo unakatika na hila inaonekana. Mkandarasi wa Pili alipiga nambari tangu mwanzo hadi mwisho, ila taarifa ya benki yenye kurasa saba iliingizwa usiku wa mwisho na kuachwa bila nambari.

Mawakili wake watakimbilia kifungu cha 79. Kifungu hicho kinasema zabuni inakubalika ikitimiza masharti yote ya lazima, kisha kinaongeza kwamba kasoro ndogo zisizogeuza kiini cha matakwa ya zabuni hazimwangushi mtu. Basi kurasa saba ni kasoro ndogo au sharti la lazima lililovunjwa? Ukiniuliza kama raia anayelipa ushuru, nitasema inachoma moyo kulipa milioni 3.7 zaidi kwa sababu ya nambari saba. Lakini hati ikiwa imesema waziwazi kwamba asiyeweka nambari ataondolewa, naona kamati haina ruhusa ya kusamehe. Wapo waliosoma sharti lile wakakesha wakihesabu kurasa, na huenda wapo waliokosa kitu kingine wakakata shauri wasilete zabuni kabisa. Ukimsamehe mmoja umewadhulumu hao wote. Mahakama za Kenya zimeshikilia mara nyingi kwamba kigezo cha lazima kina majibu mawili tu: kipo au hakipo.

Kosa basi liko nyuma zaidi, katika mkono ulioandika hati. Orodha za vigezo vya lazima zimekuwa ndefu mno, na mengi yaliyomo hayasemi lolote juu ya uwezo wa mtu kusimamisha ukuta. Kila sharti la namna hiyo ni mtego wa kumnasa mtu wa bei nafuu. Ningependa kila kigezo cha lazima kiandikwe pamoja na mstari mmoja unaoeleza kwa nini anayekikosa hafai kuendelea. Mwandishi asiyeweza kuujaza mstari huo akiondoe kigezo. Na palipo na haja ya nambari za kurasa, hati iseme pia kama viambatisho vya benki na vyeti vinahesabiwa humo, maana hapo ndipo wengi huteleza.

Kuna nafasi ambayo wazabuni wengi huipoteza. Kifungu cha 167 hakimngojei mtu ashindwe. Kinampa haki ya kulalamika hata yule aliyechukua hati ya zabuni na bado hajaleta bei, mradi aende mbele ya Bodi ya Mapitio ndani ya siku 14 tangu ukiukaji anaoulalamikia utokee. Sharti baya lililomo katika hati hushambuliwa wakati hati bado ni mbichi. Ukilisoma, ukalitii, ukashindana, kisha ukaja kulalamika kwamba lilikuwa baya baada ya kushindwa, utaulizwa ulikuwa wapi. Mkandarasi wetu hawezi tena kusema kigezo cha nambari hakikufaa. Anaweza kusema tu kwamba kilitumika vibaya.

Kwa upande wa barua yenyewe, hesabu ni hizo hizo 14. Akiarifiwa tarehe 3 Machi, siku hiyo haihesabiwi, na mwisho wake ni tarehe 17. Jumamosi na Jumapili za katikati zimo ndani. Nimeona watu wakiumia hapa kwa sababu ya adabu: wanamwandikia afisa mhasibu barua ya kuomba maelezo, wanasubiri jibu kwa heshima, na siku zinakatika. Barua ya maelezo haisimamishi saa. Inayosimamisha mambo ni ombi la mapitio lenyewe, kwani likishawasilishwa na taarifa kumfikia afisa mhasibu, mkataba hauruhusiwi kutiwa saini. Na mkataba ukishasainiwa kihalali baada ya siku 14, Bodi haina tena mamlaka ya kuugusa.

Ombi hilo lazima liseme hasara. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliyoketi Mombasa, katika kesi ya Oyondi dhidi ya Elroba, ilieleza kwamba haitoshi kuwa ulishiriki zabuni ukashindwa. Lazima udai kwamba umepata hasara, au uko hatarini kuipata, kutokana na wajibu fulani wa kisheria uliovunjwa. Kwa mkandarasi wetu si kazi ngumu: kama kigezo kipya kisingeingizwa angefika kwenye hatua ya bei, na huko bei yake ndiyo ya chini. Lakini asipoyaandika hayo, ombi linaweza kutupwa nje kabla hoja zake hazijasikilizwa.

Na hapa zile sababu mbili zinarudi pamoja. Akishinda juu ya uzoefu wa hospitali na akashindwa juu ya kurasa, ameshindwa. Sababu moja halali inatosha kumwangusha. Wanaojua kazi hii huisoma barua ya kukataliwa kama fundi anavyokagua nguzo: kila sababu lazima ing'olewe, au nyumba inabaki imesimama.

Wakosoaji wa malalamiko wana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Bodi ina siku 21 za kuamua. Asiyeridhika ana siku 14 za kwenda Mahakama Kuu, nayo ina siku 45. Kisha siku 7 za kukata rufaa, na siku 45 nyingine za Mahakama ya Rufani. Ukijumlisha na zile 14 za mwanzo unapata 146, karibu miezi mitano, na wodi ya wazazi haijachimbwa msingi. Hata hivyo ukomo huo ni mkali, na nauona wa haki zaidi kuliko kesi za kawaida zinazochukua miaka. Kuufupisha kwa kumnyima mlalamishi siku zake kungekuwa kuadhibu asiye na kosa. Afadhali barua ya kukataliwa iambatane na mstari wa jedwali la tathmini unaomhusu mzabuni: kigezo, ukurasa uliotazamwa, na kilichokosekana. Sheria tayari inataka asiyefaulu aelezwe sababu, na kanuni za mwaka 2020 zinataka atajiwe mshindi, bei yake na kwa nini alishinda. Lakini barua nyingi husema tu "hukutimiza masharti", na mtu asiyejua alikoanguka hulalamikia kila kitu.

Mkandarasi wa Pili amebakiwa na njia moja juu ya kurasa zake, nayo ni usawa. Je, mshindi aliweka nambari zote? Yeye hawezi kuiona zabuni ya mwenzake, kwa sababu sheria ya usiri inampa muhtasari tu wa tathmini. Bodi, hata hivyo, hupelekewa faili nzima na huifungua yenyewe. Ikiwa mshindi naye aliacha kurasa bila nambari akasamehewa, kamati imevunja kigezo chake, na Bodi ina uwezo wa kuufuta uamuzi na kuamuru tathmini irudiwe. Lakini haitaenda kuvua samaki kwenye faili kwa sababu ya tetesi. Anahitaji kitu cha kuelekeza kidole, na kitu hicho hupatikana siku ya kufungua bahasha, mbele ya wazabuni wote. Kila mzabuni ana haki ya kuomba nakala ya kumbukumbu za ufunguzi, ambamo mara nyingi huandikwa idadi ya kurasa za kila zabuni. Kumbukumbu zikisema zabuni ya mshindi ilikuwa na kurasa 340, na muhtasari wa tathmini ukitaja nyaraka zake kuishia ukurasa wa 322, kuna kurasa 18 za kuulizia, na ombi lake limepata mahali pa kushika.