Duka liko Temeke, ukurasa uko Ujerumani

SAFU: WAYA NA MTAA
Na Salma Kilewo

Muuza friji wa Tandika na mteja wake wa Mbagala Rangi Tatu wanatenganishwa na nauli ya daladala. Lakini mteja huyo akifungua tovuti ya duka kwenye simu, ombi lake linapanda mnara, linafika katikati ya jiji, linaingia baharini na halitulii mpaka Ujerumani. Huko ndiko mwenye duka alikopangisha seva, kwa sababu bei ilikuwa nzuri na mtu aliyemtengenezea tovuti alikuwa na akaunti tayari. Kwa seva hiyo, mgeni wa mbali kuliko wote ni jirani wa duka.

Mteja akilalamika, jibu la kwanza mtaani ni kwamba bando lake dogo. Bando halihusiki hapa. Linaongeza kiasi cha data unachoweza kuvuta, lakini halifupishi safari. Mwanga ndani ya waya wa kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 7,000. Kwenda na kurudi ni milisekunde 70 hata kama kila kitu kimekwenda sawa. Nyaya za baharini nazo hazinyooki: ama zinapanda Bahari ya Shamu na kuingia Mediterania, ama zinashuka na kuizunguka Afrika Kusini. Kwa hiyo safari moja ya kwenda na kurudi huwa kati ya milisekunde 150 na 200.

Tuchukue 170, tuongeze 40 za kutoka simu mpaka mnarani kwa 4G. Safari moja ni 210. Ukurasa haufunguki kwa safari moja. Simu na seva kwanza hubisha hodi na kuitikiana, kisha hukubaliana funguo za usiri (ile kufuli unayoiona kwenye kivinjari), ndipo simu iombe ukurasa wenyewe. Hizo ni safari tatu, milisekunde 630, na seva bado inahitaji muda wa kuupika ukurasa. Tuseme inahitaji 400. Mteja wa Mbagala amesubiri zaidi ya sekunde nzima kabla herufi ya kwanza haijatokea.

Halafu zinakuja picha. Seva haimwagi picha yote kwa mkupuo, kwa kuwa haijui njia inabeba kiasi gani. Huanza na kilobaiti kama 14, ikisikia zimefika inatuma mara mbili yake, kisha mara mbili tena. Picha ya friji ya kilobaiti 200 inahitaji mizunguko minne hivi. Kila mzunguko ni 210 nyingine.

Dawa inayotajwa siku hizi ni kuweka mbele ya tovuti mtandao wa kusambaza maudhui, ule mafundi wanaouita CDN. Wazo lake ni la depo ya soda: kiwanda kinabaki kilipo, lakini kreti zinashushwa karibu na mnywaji. Kampuni kama Cloudflare ina seva zake katika mamia ya miji duniani, Dar es Salaam ikiwemo, na zinahifadhi nakala za vitu vya tovuti yako. Kujiunga si kazi ngumu. Unafungua akaunti, unapewa majina mawili ya seva za anwani, unayaingiza kwa msajili wa jina lako la co.tz, na baada ya saa chache wageni wote wanapitia huko kwanza. Kuna mpango wa bure, nao unatosha duka dogo.

Ikikaa sawa, hesabu inabadilika. Safari ya Mbagala hadi seva iliyo hapa hapa mjini ni milisekunde 45, nazo 40 kati ya hizo ni za mnara. Mara tatu ni 135, na ukurasa uliokwisha kuhifadhiwa hauhitaji kupikwa. Kutoka 1,030 hadi 135: hiyo tofauti mtu anaihisi kidoleni.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Tovuti nyingi zinazodaiwa kuwa “zimewekwa Cloudflare” hazifaidi kitu katika ukurasa wenyewe, na wenyewe hawajui. Cloudflare, ukiiacha ilivyo, huhifadhi picha, mitindo na hati za javaskripti. Ukurasa wenyewe, yaani ile HTML yenye jina la friji na bei, haiugusi. Kila ukiombwa inaufuata Ujerumani. Inaogopa, na ina haki ya kuogopa, kwamba ukurasa huo huenda ni wa mtu fulani peke yake.

Angalia inavyotoka. Mteja anabisha hodi na kukubaliana funguo na seva ya Dar es Salaam: safari mbili, milisekunde 90. Anaomba ukurasa: 45. Hapo seva ya Dar inageuka mteja na kuanza kubisha hodi Ujerumani. Kama duka lina wageni wengi, kuna njia iliyokwisha funguliwa kati yao na itaongezeka safari moja tu. Kama duka ni dogo na mgeni wa mwisho alipita nusu saa iliyopita, njia imefungwa, na safari tatu za 170 zinarudi zote, 510. Ongeza 400 za kupika. Jumla ni 1,045. Bila CDN ilikuwa 1,030! Mwenye duka amehama, amesumbuka na majina ya seva, na mteja wa kwanza wa asubuhi anasubiri muda ule ule.

Kujua uko upande gani ni rahisi. Kwenye kompyuta andika hivi, ukiweka jina la tovuti yako:

```
curl -sI https://dukalako.example/ | grep -i cf-
```

Jibu litakuwa na mistari kama hii:

```
cf-cache-status: DYNAMIC
cf-ray: 8f2c41d09ab37e15-DAR
```

DYNAMIC maana yake ukurasa haukufikiriwa kabisa kuhifadhiwa. MISS maana yake unaruhusiwa kuhifadhiwa ila nakala haikuwepo, kwa hiyo rudia amri mara ya pili. Unachotaka kuona ni HIT.

Ili kuipata HIT unaandika kanuni katika sehemu ya Cache Rules, ukiiambia Cloudflare kwamba kurasa za tovuti hii zinaweza kuhifadhiwa, na kwa muda gani. Saa mbili zinatosha kuanzia. Hapa ndipo fundi mwenye haraka anapoleta maafa. Akiruhusu kila kitu bila kubagua, mteja wa Kigogo anaweza kuweka friji kwenye kikapu, ukurasa wa kikapu chake ukahifadhiwa, na mteja wa Bunju akaletewa kikapu hicho hicho, pengine na namba ya simu ya mwenzake. Kwa duka linalotumia WooCommerce, kanuni lazima iwapishe watu wenye vidakuzi hivi:

```
http.cookie contains "woocommerce_items_in_cart"
or http.cookie contains "wordpress_logged_in"
```

Kurasa za kikapu, malipo na akaunti nazo zipishwe kwa majina yake. Hizo zitaendelea kwenda Ujerumani kila mara, na hakuna ujanja. Anayelipa kwa simu atasubiri. Lakini watazamaji, ambao ndio wengi kuliko wanunuzi, wataona duka mara moja.

Bei ni shauri jingine. Umeshusha friji kutoka 850,000 hadi 790,000 asubuhi, lakini nakala iliyohifadhiwa bado inatangaza bei ya jana mpaka muda wake uishe. Kuna kitufe cha kufuta nakala zote, kinaitwa Purge Everything, na aliyebadilisha bei lazima akibonyeze, au fundi aunganishe programu ya kufanya hivyo yenyewe. Mimi naona ni afadhali saa mbili za nakala kuliko siku nzima. Ugomvi wa bei kaunta ni mbaya kuliko ukurasa mzito.

Kuna herufi tatu mwishoni mwa ule mstari wa pili ambazo watu wengi hawazitazami. DAR ni kifupi cha uwanja wa ndege wetu, na inaonyesha ombi lilihudumiwa kutoka seva ya mji gani. Unaweza kuiona hata kwa simu, bila kompyuta, kwa kufungua anwani hii:

```
https://dukalako.example/cdn-cgi/trace
```

Tafuta mstari unaoanza na `colo=`. Ukiona DAR, vizuri. Ukiona NBO, umepelekwa Nairobi, si vibaya. Ukiona JNB, ni Johannesburg. Ukiona FRA au LHR, uko Frankfurt au London, na depo yako imejengwa mlangoni pa kiwanda.

Inakuwaje mtu wa Temeke apelekwe London wakati seva iko Dar es Salaam? Njia haichaguliwi kwa ramani. Inachaguliwa kwa mikataba baina ya mitandao. Tuna kituo cha TIX hapa jijini, ambapo watoa huduma wanaweza kubadilishana mizigo yao bila kuipitisha ng’ambo. Mtandao wa simu usiokutana na CDN ndani ya nchi, pale TIX au kwa waya wao wenyewe, hupeleka ombi kule ambako wamekutana. CDN nazo hubana matumizi: mteja wa mpango wa bure anaweza kuhamishiwa mji mwingine pale nafasi inapokuwa ghali. Kwa hiyo pima kwa laini ya kila kampuni wanayotumia wateja wako. Laini mbili kwenye simu moja, mtu amesimama pale pale Tegeta, zinaweza kutoa majibu mawili tofauti.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikadhoofika vibaya. Siku kama hiyo ukurasa ulio na nakala hai ndani ya nchi, kwa mtandao unaofika kwenye nakala hiyo bila kuvuka bahari, una nafasi ya kufunguka. Ule wa DYNAMIC unaifuata seva iliyo ng’ambo ya waya uliokatika.

Haya yote hayagusi mnara. Saa mbili usiku Mbagala, watu wote wakiwa mtandaoni, zile milisekunde 40 zinaweza kuwa 200 na zaidi, na nakala hata iwe karibu namna gani haitazipunguza. Wala haiponyi picha ya friji yenye megabaiti nne iliyopandishwa moja kwa moja kutoka kamera ya simu. Hiyo ipunguzwe kwanza.

Kwa hiyo, mwenye duka, fundi akikuambia kazi imekwisha, usitazame kompyuta yake ofisini. Mwambie akuonyeshe HIT kwenye ukurasa wa bidhaa, kisha ufungue mwenyewe ile anwani ya `trace` kwa simu yako, mtaani kwa wateja wako, kwa laini wanazotumia wao. Ukiona DAR, mmalizie pesa yake.