Kodi ya Mwaka Huu kwa Fedha ya Mwaka Ujao

Tuseme mpima ardhi wa Mpanda amekamilisha upimaji wa viwanja kwa ajili ya halmashauri moja mkoani Katavi mwezi Novemba 2024. Hati ya malipo imesainiwa mwezi huohuo, na akiondoa mafuta, vibarua na mawe ya mipaka ambavyo alishavilipia, faida yake ni shilingi milioni 12. Fedha inaingia benki Agosti 2025. Faida hiyo ni ya mwaka gani? Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, jibu linategemea kama alifanya kazi kwa jina lake au kwa jina la kampuni. Kwa mzabuni wa Serikali, naona tofauti hiyo imekaa mahali pasipostahili.

Akifanya kwa jina lake, kifungu cha 21 kinampa nafasi ya kutunza hesabu kwa msingi wa fedha taslimu, mradi hesabu zionyeshe vizuri mapato yake. Kwa msingi huo pato huhesabika siku fedha inapopokelewa, na gharama siku inapolipwa. Akisajili kampuni, hana hiari: lazima atumie msingi wa malimbikizo, ambao huhesabu pato tangu siku alipopata haki ya kulipwa, hata kama malipo yenyewe yameahirishwa. Kwa hiyo faida ya Novemba ni ya mwaka 2024, na kwa kiwango cha asilimia 30 kampuni inadaiwa shilingi milioni 3.6. Sehemu huanza kulipwa kwenye makadirio, ambayo awamu yake ya mwisho ni Desemba 31, na salio halivuki Juni 30, 2025, siku ya mwisho ya ritani. Halmashauri inalipa Agosti. Mzabuni ametoa kodi ya fedha ambayo mdaiwa wake, taasisi ya umma, bado anayo, na pengine amekopa ili ailipe.

Wapo watakaosema basi fedha taslimu ndiyo nafuu. Si kila mara. Kodi ya mtu binafsi hupanda kwa ngazi, na faida inayozidi milioni 12 kwa mwaka hutozwa asilimia 30. Mpima wetu akipata milioni 12 mwaka 2024 na milioni 12 nyingine mwaka 2025, kila mwaka kivyake kodi ni shilingi 1,536,000. Malipo yote yakiangukia 2025, faida ya milioni 24 inazaa kodi ya shilingi 5,136,000. Ucheleweshaji wa halmashauri umemgharimu zaidi ya milioni mbili, bila yeye kuongeza hata kiwanja kimoja. Kampuni, kwa kuwa kiwango chake ni kimoja, haiumizwi hivyo. Yenyewe huumia kwenye mtaji.

Ndiyo maana sipendekezi kampuni zote zihamie fedha taslimu. Ninachotetea ni chembamba zaidi: kampuni ndogo iruhusiwe kuhesabu pato linalotoka Serikalini na halmashauri katika mwaka ambao limelipwa, na gharama za kazi hiyo zisubiri pamoja nalo. Sharti hilo la gharama ndilo roho ya jambo. Anayeingiza mapato yakishalipwa huku gharama akizidai mapema anachanganya misingi miwili, na mkaguzi humgundua haraka kwa kulinganisha ritani na risiti za EFD, au kwa kuona mizania isiyo na wadaiwa wakati kazi zimekamilika.

Pingamizi zito ni kwamba fedha taslimu humpa mlipakodi mkono wa kuchagua mwaka: anamwomba mteja alipe Januari badala ya Desemba. Kati ya wafanyabiashara wawili hilo linawezekana kabisa, na ndiyo sababu ya kuibana kampuni. Lakini mzabuni wa halmashauri hana sauti juu ya siku ya malipo, na siku hiyo imo kwenye mfumo wa malipo wa Serikali, MUSE, ambako Mamlaka ya Mapato inaweza kuithibitisha. Wengine watasema nafuu ipo tayari, kwamba sheria inaruhusu kufuta deni lisilolipika. Inaruhusu, baada ya juhudi zote za kudai na pale mdai anapoamini kwa haki kwamba hatalipwa. Nani ataapa kwamba Serikali haitalipa kamwe? Deni la halmashauri halijafa, limechelewa tu, na kifungu cha madeni mabaya hakigusi ucheleweshaji.

Marekani huziruhusu hata kampuni kutumia fedha taslimu, mradi wastani wa mauzo kwa mwaka usizidi kiwango ambacho tangu 2018 kilipandishwa hadi dola milioni 25 na kuendelea. Kiwango cha Tanzania kingekuwa cha chini sana. Hesabu za wanahisa na benki zingebaki za malimbikizo, na tofauti ingeandikwa kwenye jedwali la kodi, kama mhasibu anavyofanya sasa kwa uchakavu wa mitambo.