Uso Uliovimba Asubuhi: Kijiwe Kinafanya Nini?

Siku hizi, ndugu msomaji, si ajabu kukuta katika meza ya kujipambia ya binti zetu kijiwe bapa kilicholainishwa kiitwacho gua sha, na ndani ya jokofu rola ya barafu. Asili ya gua sha ni tiba ya Kichina ya kuukwangua mwili kwa nguvu hata ngozi ikawa nyekundu. Ya usoni ni nyepesi zaidi, nayo haipasi kuacha alama yoyote. Wauzaji huahidi kwamba uso utakuwa mwembamba na makunyanzi yataondoka. Ukweli ni mdogo kuliko ahadi hizo, ingawa haukosi faida.

Tuchukue mfano wa binti aliyehudhuria harusi. Amekula biriani na achari yenye chumvi nyingi, akalala saa saba usiku, na alfajiri akaamka kope zimejaa. Chumvi huyazuia maji mwilini. Tunaposimama, maji hayo huvutwa kuelekea miguuni. Tunapolala husambaa hadi usoni, na kwa kuwa ngozi ya kuzunguka macho ni nyembamba na imelegea, hapo ndipo yanapoonekana kwanza. Akishaamka na kutembea, uvimbe huo hupungua wenyewe baada ya saa chache.

Kukanda huharakisha safari hiyo. Chini kidogo ya ngozi imo mishipa midogo ya limfu inayorudisha maji ya ziada kwenye damu kupitia shingoni. Kwa sababu iko karibu sana na juu, huhitaji mkono mwepesi. Anayekandamiza kwa nguvu hupata michubuko tu. Baridi nayo huibana mishipa ya damu kwa muda, hivyo wekundu na uvimbe vikapungua.

Binti yetu na anawe mikono na uso, aoshe kijiwe kwa sabuni, kisha apake matone machache ya mafuta mepesi ili ngozi isivutwe. Kijiwe kilazwe karibu bapa, kisisimamishwe kwa ukingo. Aanze shingoni, akishuka polepole kuelekea mtulinga, upande mmoja baada ya mwingine. Kisha atoke kidevuni hadi sikioni, puani hadi sikioni, na katikati ya paji la uso hadi kwenye panja. Chini ya jicho apitishe kwa wepesi kabisa, kutoka upande wa pua kwenda nje. Mara tano kila mahali zatosha, na kazi yote haizidi dakika tano.

Akipenda rola, aitoe kwenye barafu na kuiacha dakika moja au mbili, kisha aizungushe bila kuituliza mahali pamoja, kwani baridi kali huunguza ngozi. Asiye na rola atumie kitambaa kilicholowekwa maji baridi. Kazi ni ileile. Mwenye chunusi zilizoiva, kidonda au ukurutu usoni na aache mpaka apone.

Anayetaka kuyahakikisha haya na akande upande mmoja tu wa uso, kisha ajitazame kwenye kioo. Mara moja huenda akaona tofauti. Adhuhuri pande zote mbili zitakuwa sawa. Hicho ndicho kipimo cha kazi ya kijiwe: kuwahisha jambo ambalo lingetokea lenyewe. Mifuko ya chini ya macho inayobaki vilevile asubuhi na jioni mara nyingi ni mafuta yaliyosogea mbele kwa umri, wala si maji, na hakuna kijiwe kitakachoiondoa.

Hapa ndipo penye hatari. Kijiwe kinaweza kumfanya mtu aufiche kila asubuhi uvimbe ambao ni dalili ya maradhi. Mtoto anayeamka macho yamevimba siku baada ya siku, hasa mkojo wake ukiwa na povu au miguu ikianza kujaa, huenda figo zake zinapoteza protini. Wazazi wengi hudhani ni mzio tu. Bonyeza muundi wake kwa kidole gumba kwa sekunde chache: shimo likibaki, mpeleke hospitali akapimwe mkojo. Mjamzito aliyepita wiki ya 20, uso na mikono vikivimba ghafla, au akipata maumivu makali ya kichwa au kuona ukungu, aende siku hiyohiyo, kwani huenda ni kifafa cha mimba kinachokaribia. Uvimbe wa midomo au ulimi pamoja na kupumua kwa shida haungoji hata saa moja. Na shavu moja lililovimba, likawa la moto na kuuma, mara nyingi ni jino lenye usaha: lisikandwe kamwe, apelekwe kwa daktari wa meno.

Basi, uvimbe wa usiku wa harusi mwachie kijiwe. Unaorudi kila asubuhi mwachie daktari.