SEHEMU YA 4: Tumbo la njiti likivimba, usiniambie ni mchango

Mama wa Mbagala, mama wa Tegeta, leo tugombane kidogo.

Njiti wa kilo 1.3, siku ya 12, analishwa kwa mpira. Maziwa hayashuki, anatapika kijani. Tumbo limevimba hadi linang'aa, choo kina damu. Bibi anatoa kichupa cha dawa ya mchango kwenye mkoba. Jamani, hapana! Huo ni utumbo mchanga uliovamiwa na bakteria, umeanza kufa.

Tunasimamisha maziwa, mara nyingi siku 7 hadi 14. Mpira unatoa gesi na uchafu tumboni, antibayotiki zinapita kwenye mshipa, eksrei inaonyesha kama utumbo umetoboka. Ukitoboka, ni upasuaji.

Hapo ndugu wanakuja juu: "Mnamuua mtoto kwa njaa!" Hatumnyimi, dripu ina sukari ya kumshikilia. Kinachomuua ni kijiko mnachompa kwa siri.

Wewe mama endelea kukamua kila baada ya saa 3. Akipona ataanza na matone ya maziwa yako. Ya kopo yanaongeza hatari ya ugonjwa huu.

Na kama mmesharuhusiwa, ukiona tumbo hilo usisubiri asubuhi. Hospitali, usiku huohuo.