Siku ya tatu bila sigara



Mama mmoja, msomaji wa ukurasa huu, ametuletea swali ambalo tumeona tusilijibu kwa maneno machache. Mumewe amevuta sigara kwa miaka mingi, takriban 15 kwa siku. Kila Ramadhani hufunga mwezi mzima, na mchana hana shida ya kutisha. Safari hii ameazimia kuacha moja kwa moja, akaizima ya mwisho Ijumaa saa 4 usiku. Jumatatu akamfokea mtoto kwa kikombe kilichoanguka, kwa namna ambayo nyumba nzima ilinyamaza. Mama aliandika barua Jumatano. Anauliza: mbona mchana mzima wa saumu anaumudu, na siku tatu zimembadilisha tabia? Na hali hii itakwisha lini?

Tuanze na saumu, kwa sababu ndani yake mna jibu.

Kitu kinachomfunga mvutaji ni nikotini. Moshi ukivutwa, nikotini hufika ubongoni ndani ya sekunde 10 hadi 20. Huko hukutana na vipokezi, ambavyo ni mfano wa vijilango juu ya chembe za ubongo. Malango hayo Mwenyezi Mungu ameyaumba kwa ajili ya kemikali ya mwili wenyewe, lakini nikotini huyafungua pia, na yakifunguka ubongo humwaga kemikali iletayo raha. Lango linaloguswa mara kwa mara huganda, likawa halisikii tena. Ubongo nao, ukiona malango mengi yameganda, huongeza mengine. Ndiyo maana mvutaji wa siku nyingi ana malango mengi kuliko mtu asiyevuta, na ndiyo maana hutaka sigara nyingine baada ya muda mfupi.

Nikotini yenyewe haikai mwilini. Kiasi kilichomo katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi. Mtu akivuta mara ya mwisho baada ya daku, karibu na saa 11 alfajiri, hadi Magharibi ya saa 12 na nusu zimepita saa 13 na nusu. Nusu ya nusu ya nusu, hivyo hivyo mara 6 na zaidi, inabaki sehemu kama 1 katika 100. Basi anapokula tende yake huwa karibu amesafika. Lakini baada ya tende hufuata sigara, na malango yote yakajazwa upya. Kwa mwezi mzima mtu huyu huishi siku ya kwanza mara 29 au 30, na siku ya pili hajawahi kuiona.

Liko na jambo la pili. Hamu ya sigara hufuata pia matarajio. Watafiti waliwahi kuwachunguza wahudumu wa ndege wanaovuta sigara, wakaona kwamba hamu yao ilizidi kadiri kutua kulivyokaribia, iwe safari ni fupi au ndefu. Mfungaji anajua kwamba mchana hakuna njia, na nafsi yake hutulia kwa kiasi fulani hadi jua linapokaribia kuzama. Aliyeacha kabisa hana Magharibi ya kungojea.

Sasa tumfuate baba huyu tangu Ijumaa. Dalili huanza mapema, mara nyingi ndani ya siku ya kwanza: mikono haitulii, hasira ziko karibu, akili haishiki kazi. Jumapili usingizi ulikuwa wa vipande vipande. Jumatatu, siku ya tatu, mambo matatu yalikutana. Nikotini ilikuwa imekwisha mwilini. Malango yaliyokuwa yameganda yalikuwa yameamka. Na idadi yake ilikuwa bado ile ile ya mvutaji, kwani ubongo ulikuwa haujaanza kuipunguza kwa kiasi cha kuonekana. Malango mengi yaliyo macho na matupu ndiyo yanayomfanya mtu aone kila sauti ni kelele. Kwa wengi kilele hiki huwa siku ya pili au ya tatu, na kwa wengine baadaye kidogo ndani ya wiki ya kwanza. Vijana huiita arosto. Wengi wanaojaribu kuacha bila msaada wowote hurudia ndani ya siku 8 za mwanzo.

Baada ya hapo mteremko huanza, ingawa hauko sawasawa. Siku moja nzuri, inayofuata mbaya. Hasira, wasiwasi, huzuni na kukosa utulivu kwa kawaida huisha ndani ya wiki 2 hadi 4. Njaa hukaa zaidi, pengine wiki 10 au kupita, hivyo mama asishangae sufuria kuisha mapema. Malango yenyewe hurudi kwenye idadi ya mtu asiyevuta baada ya wiki 6 hadi 12. Hamu ya ghafla inaweza kumjia hata baada ya miezi, akipita mahali alipozoea kuvutia. Hamu ya namna hiyo hudumu dakika chache, kisha hupita yenyewe.

Jambo moja watu wengi hawalijui, nalo linawahusu wanywaji wa kahawa barazani. Moshi wa sigara huliharakisha ini katika kuivunja kafeini. Mtu akiacha sigara, ini hurudi kwenye mwendo wake ndani ya siku chache, na vikombe vile vile vya kahawa humwachia kafeini nyingi zaidi katika damu, hata karibu maradufu. Moyo kumwenda mbio, mikono kutetemeka na usingizi kukimbia huhesabiwa kuwa ni kosa la kuacha sigara, kumbe nusu yake ni kahawa. Apunguze vikombe nusu, na chai ya rangi aihesabu pia. Kwa sababu hiyo hiyo, anayetumia dawa za maradhi ya akili, au dawa ya pumu iitwayo theofilini, amwarifu daktari kabla ya kuacha, kwani kipimo chake huenda kikahitaji kupunguzwa.

Kilele kinaweza kushushwa. Kiraka cha nikotini kinachobandikwa ngozini hutoa nikotini polepole, bila moshi, na mtu hukipunguza hatua kwa hatua kwa wiki 8 au zaidi. Maumivu hayatoweki, lakini ile Jumatatu huwa nyepesi. Wanaouliza kuhusu saumu: Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilitaja viraka vya dawa vya ngozini miongoni mwa visivyofunguza. Ubani wa nikotini hutafunwa bila kumezwa, lakini nikotini yake huchanganyika na mate, hivyo huo ni wa usiku.

Kwa mama tunasema: katika wiki hizi mbili msizungumze habari za deni, za shamba wala za ndugu wa upande wowote. Tunamsihi na baba, akihisi kifua kimejaa hasira, atoke nje dakika 5, atie udhu, na neno la talaka asilikaribie kabisa, kwa kuwa hasira ya malango matupu itapita na neno hilo litabaki. Lakini maumivu ya kifua, au huzuni inayozidi badala ya kupungua baada ya mwezi, hizo si dalili za kungojea nyumbani. Aende hospitali.

Ikiwa hajaigusa sigara tangu Ijumaa ile, gazeti hili litamkuta katika siku ya 14.