Mfugaji wa Njombe, usikate povu kati ya papi za chuma

Ndugu mfugaji, siku hizi kuna mabanda ya vifaranga yanayoezekwa kwa papi za chuma, na kuna mafundi wanaoweka povu jeupe kwa namna hii: wanalikata vipande na kuvibana kati ya papi na papi. Kazi inaonekana safi. Mimi nasema fedha yako nusu imepotea.

Chukua papi za bomba la mraba la sentimita 5, chuma cha milimita 2, zikipangwa kila mita moja. Povu la sentimita 5 linazuia joto vizuri, lakini chuma hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko povu. Kwa hiyo joto la jiko halihangaiki na povu. Linapanda kwenye bomba na kutokea kwenye bati. Kwa hesabu yangu, linalopita kwenye bomba moja linakaribia linalopita kwenye povu lote la mita ile. Papi na kenchi za mbao nazo hupitisha, ila kidogo sana, hizo zisikunyime usingizi.

Utajuaje? Asubuhi ya Juni au Julai, ukikuta umande au barafu juu ya bati imeyeyuka kwa mistari, mistari hiyo ndiyo papi zako. Ndani utaona matone yamejipanga chini ya chuma, na maranda yamelowa kwa mstari uleule. Wengi hulaumu bati kwamba linavuja. Halivuji: ni unyevu wa pumzi na kinyesi cha vifaranga uliogusa chuma baridi. Na maranda mabichi ndiyo yanayoleta harufu kali na koksidiosisi.

Dawa ni kupitisha povu chini ya papi bila kulikata. Hata la sentimita 2.5 tu litapunguza upotevu karibu sawa na lile la sentimita 5 lililokatwa, kwa nusu ya povu, na matone yataisha. Ziba maungio kwa utepe, maana hewa yenye unyevu ikipenya hadi kwenye chuma, matone yanarudi. Kisha funika kwa plaiwudi, kwa sababu kuku hudonoa povu na povu hushika moto haraka. Jiko likae mbali nalo. Matundu ya hewa ya juu usiyazibe, hasa ukitumia mkaa.

Bado ukingo wa sakafu ya zege. Pale zege linapotokeza nje ya ukuta, baridi huingia moja kwa moja. Kama unajenga sasa, simamisha povu nje ya ukingo, lishuke sentimita 30 ardhini, ulipige lipu. Kama banda limeshajengwa, sogeza duara la kulelea vifaranga nusu mita kutoka ukutani. Hiyo haina gharama, na vifaranga wa wiki ya kwanza, wanaotaka nyuzi 32 hadi 35, hawatalalia zege baridi.

Fundi akikuambia bati lenye rangi linatosha, mpandishe ngazi asubuhi akaone ile mistari.