Barua kwa Wazazi wa Kasese na Bwera: Saa ya Simu na Saa ya Somo



Kuanzia juma lijalo watoto wa darasa la sita watasoma hesabu kwa Zoom kila Jumatano, saa kumi na moja kamili jioni. Jumamosi tumeiacha kwa ajili ya Wasabato, na Jumapili ni ya kanisa. Zoom ya bure huukata mkutano zikitimia dakika 40, kwa hiyo mtoto atakayechelewa robo saa atakuwa amepoteza zaidi ya theluthi ya somo.

Mzazi wa mjini Kasese atabonyeza tu kiungo nitakachotuma kwa WhatsApp. Ninyi wa Bwera na Mpondwe nawaomba msikilize zaidi, kwani simu zenu hazijui mpaka. Mtandao wa upande wa Kasindi ukizidi wa kwetu nguvu, simu huudaka, na saa yake hurudi nyuma kwa saa nzima, maana Kivu ya Kaskazini iko nyuma yetu kwa saa moja. Siku ya majaribio binti mmoja wa Mpondwe aliketi na daftari lake, simu ya mama yake ikionyesha 17:00, akabonyeza kiungo. Huku kwetu ilikuwa 18:00, somo limekwisha. Hapo nani wa kuchapwa? Na bando la Uganda huko halisaidii: ama intaneti inagoma, ama salio linaliwa.

Dalili yake ni jina la mtandao wa Kongo juu ya kioo, au herufi R kando ya alama za mtandao. Ukiiona, ingia Settings, kwenye mitandao ya simu, uzime "Data roaming". Kisha zima uchaguzi wa mtandao wa moja kwa moja, uchague mwenyewe MTN au Airtel ya Uganda. Mwisho nenda "Date & time", uzime saa ya kujirekebisha yenyewe pamoja na ukanda wa saa wa kujirekebisha wenyewe, uweke saa sahihi. Maneno hutofautiana kidogo kutoka simu hadi simu. Siku ukivuka kwenda Kasindi, rudisha uchaguzi wa mtandao kama ulivyokuwa, la sivyo huenda simu ikakosa mtandao.

Kuhusu gharama, msiogope. Picha za maswali nitazituma mapema, na somo litakuwa la sauti tupu, kamera zote zimezimwa. Sauti pekee haifiki MB 50 kwa saa. Video ya watu wengi hukaribia GB 1 au kuipita.

Wapo wasemao simu ni ya biashara, si ya mtoto. Ndugu zangu, shule zetu zilifungwa kikamilifu au kwa sehemu tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, na si wote wenye simu nyumbani waliowapa watoto. Leo naomba dakika 40 tu kwa juma. Jumanne jioni kagueni saa ya simu, ichajiwe, na Jumatano isitoke nyumbani na mtu mpaka somo liishe.

Mwalimu wenu wa hesabu